Potasiamu Imeshuka

Nilitia tiki. Kosa langu lote, ulikamue mpaka tone la mwisho, ni hilo tu: kalamu ya buluu, kisanduku kidogo, tiki. Ningekuwa nimevunja mashine ya watu ningepata cha kujitetea, ningesema iliteleza. Lakini tiki haitelezi. Tiki mtu anaitia kwa mkono wake mwenyewe, tena mimi niliitia kwa madaha, na mkia nikauvuta juu kidogo upendeze.

Ilikuwa zamu yangu ya kwanza ya usiku. Wenzangu wa chuo wana ishirini na kitu, mimi nina arobaini na sita na kitambi kinachoingia chumbani kabla yangu. Zamani niliuza vipuri vya baiskeli. Duka lilipokufa nikamwambia mama watoto narudi shule, nasomea maabara. Akaniangalia, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akainuka akanishonea koti jeupe. Ndiyo maana chuoni nikaitwa Mjomba, na jina likanifuata mpaka kwenye mafunzo ya vitendo hospitalini.

Msimamizi wangu wa zamu alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Mdogo wa mwili, mfupi wa maneno, na anaona kila kitu. Nilimwita Mwalimu, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa heshima. Yeye aliniita Mjomba kama wengine, ila kwake neno hilo lilikuwa na makali kidogo, kama mtu anayekukumbusha kwamba ukubwa wa mwili si ukubwa wa cheo.

Maabara ile iko ghorofa ya kwanza, wodi zote ziko chini. Kwa hiyo mafundi wa pale wana lugha yao. Jibu likishathibitishwa na kutumwa wodini kwa kompyuta, wao husema limeshuka. Jioni ile, hata koti sijafunga vifungo, Mwalimu aliniuliza kutoka kwenye benchi lake, "Mjomba, himoglobini ya wodi ya wazazi imeshuka?"

Nikaangalia kwenye kioo cha kompyuta. "Hapana, Mwalimu, iko kumi na mbili. Nzuri tu."

Alicheka mpaka akaweka pipeti chini. "Sijauliza kama damu imepungua. Nimeuliza kama jibu limekwenda wodini. Kushuka! Ngazi!"

"Aaa, kushuka kwa miguu."

"Kwa miguu. Ukizoea utasema hivyo hivyo."

Nilizoea haraka mno. Mtu mzima akipewa lugha mpya ya kazini ni kama mtoto aliyepewa viatu vipya, anatafuta tu mahali pa kupita aonekane. Kabla ya usiku kuingia sawasawa nilikuwa nasema sukari ya wodi ya wanaume imeshuka, mkojo wa watoto umeshuka, hata chai yangu nilipoimaliza nikasema imeshuka. Mwalimu akatikisa kichwa.

Sampuli ya kitanda cha tisa, wodi ya wanawake, ililetwa na mhudumu wa wodi, mama mmoja mpana mwenye kicheko cha karibu, anayepanda na kushuka ngazi zile usiku kucha na bado ana pumzi ya kukutania. "Mjomba," alisema, "huyu ni mshonaji. Ametapika siku kadhaa, miguu haimbebi. Muangalieni vizuri, ana suruali yangu nyumbani kwake."

"Basi tutampima kwanza yeye, suruali baadaye."

Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa. Jina na namba ya jalada kwenye tyubu vilingane na vya kwenye fomu. Damu iliyokwisha kuganda nikaitia kwenye mashine ya kuzungusha, nikaisawazisha na tyubu ya maji upande wa pili ili isitikisike, nikasubiri. Ilipotoka, chembe nyekundu zilikuwa zimekaa chini, jeli ya kutenganisha katikati, na juu seramu, yaani maji ya damu, ya manjano, safi, kama mafuta ya kupikia. Nikaiingiza kwenye mashine ya kemia, nikageuka kuosha kikombe.

Mashine ikalia. Si mlio wa kumaliza, ule ni mpole. Huu ulikuwa mlio wa kuita.

Kwenye kioo, mstari mmoja ulikuwa mwekundu. Potasiamu, saba nukta mbili.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Potasiamu kwenye damu ya mtu mzima inatakiwa iwe kati ya tatu na nusu na tano na kidogo. Iliyo nyingi mwilini inakaa ndani ya chembe, huko nje kwenye maji ya damu inaachwa kidogo tu, na moyo unapiga kwa kutegemea tofauti hiyo. Ikizidi nje, moyo unachanganyikiwa. Ikifika saba, moyo unaweza kusimama bila kuaga. Ikipungua sana nayo ni balaa, moyo vilevile unakosa mwendo, na miguu inalegea. Juu kunalegeza na chini kunalegeza. Hilo la miguu liweke akilini.

"Mwalimu," nikaita. Sauti yangu ilitoka nyembamba, kama ya kijana anayebalehe. "Mwalimu, njoo uone."

Alikuja akifuta mikono. Aliangalia namba, halafu hakuiangalia tena. Akaniangalia mimi.

"Unaiamini?"

"Ninaiogopa."

"Kuogopa si jibu. Potasiamu ni mwongo mkubwa kuliko vipimo vyote humu ndani. Niambie inavyodanganya."

Nikaanza kuhesabu nikiwa natoka jasho. Kwamba damu ikivutwa kwa nguvu au ikitikiswa, chembe zinapasuka na potasiamu ya ndani inamwagika.

"Sasa angalia."

Nikainua tyubu kwenye taa. Hakuna wekundu. Mashine nayo ilikuwa imepima wekundu wa seramu na kusema hakuna.

"Lingine."

"Damu ikikaa muda mrefu bila kuzungushwa, au ikiwekwa kwenye friji, inavuja."

"Ilivutwa lini?"

Nikasoma fomu. Haikuwa imekaa. Ilikuja moja kwa moja kwa miguu ya yule mhudumu.

"Lingine."

Hapo nikakwama. Mwalimu akachukua tyubu ya kifuniko cha zambarau kutoka kwenye rafu, akaipeperusha mbele ya macho yangu. Nikakumbuka. Ile ya zambarau ndani yake mna dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa yenyewe ni chumvi ya potasiamu. Muuguzi akijaza ya zambarau kwanza, akaona ile ya kifuniko chekundu haijatosha, akamimina kutoka huku kwenda kule, basi amemimina potasiamu. Lakini dawa hiyo hiyo hula kalsiamu.

"Kalsiamu ngapi?" aliuliza.

"Ya kawaida."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haikumiminwa."

"Na dripu?"

Fomu ilisema dripu iko mkono wa kulia, damu imetoka wa kushoto. Sodiamu ya kawaida, sukari ya kawaida, hakuna kilichochujuka kwa maji ya dripu. Kontroli za jioni, zile sampuli za kuhakiki mashine, zilikuwa zimepita, nilizifanya mwenyewe na nilijisifia. Akaniambia nirudie kipimo. Nikarudia. Tulisimama pale bega kwa bega, yaani bega lake na kiwiko changu, tukingoja. Ikatoka saba nukta moja. Kisha Mwalimu akaweka kidole kwenye mstari wa chini ambao mimi, kwa kuduwaa, nilikuwa sijausoma. Kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu, ilikuwa juu mara kumi ya inavyotakiwa.

"Figo," alisema taratibu. "Haidanganyi. Figo zimegoma, potasiamu haina pa kutokea." Akaithibitisha palepale, jibu likaondoka. "Piga simu wodini. Sasa hivi. Jina, namba ya jalada, namba ya potasiamu. Wakusomee walichoandika. Usiweke simu chini mpaka wakusomee. Halafu uandike."

"Sawa, Mwalimu."

"Wakusomee, Mjomba."

"Nimesikia, mama."

Hapo hapo kengele ya dirisha la damu ikalia. Wodi ya wazazi, mama anavuja, wanataka chupa nne. Mwalimu akakimbilia chumba cha damu, na mlango ukafungwa.

Nikabaki na simu. Kwenye wodi ya wanawake iliita kwa muda mrefu, kisha ikapokelewa katikati ya kelele. Mtoto analia, chuma kinagonga chuma, na sauti ya sista imechoka kama gunia lililokwisha kubebwa.

"Wodi."

Nilikuwa nimejipanga. Naapa nilikuwa nimejipanga. Lakini mdomo wangu una haraka ya kuzoeana na watu kuliko akili yangu, na lugha mpya ilikuwa mdomoni imekaa tayari, viatu vipya vinatafuta pa kupita.

"Sista, habari za usiku, ni maabara hapa. Potasiamu ya kitanda cha tisa imeshuka sasa hivi. Ni ya hatari, mwite daktari haraka. Ni ya…"

"Imeshuka?"

"Imeshuka, ndiyo, sasa hivi, ni…"

"Nimekupata, kaka. Asante. Daktari yuko wodi ya wazazi, nampigia." Simu ikakatwa.

Nikaishika ile simu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. Nikafikiri: nipige tena? Jibu lenyewe liko kwenye kompyuta, litatoka kwenye printa yao, lina namba na alama nyekundu. Sista ameshasema amenipata. Ana kazi. Mimi ni mwanafunzi, tena mzee, nisije nikaonekana kero usiku wa kwanza. Nikavuta daftari la simu za dharura. Mgonjwa, kipimo, jibu, aliyepiga, aliyepokea. Kisanduku cha mwisho: amerudia kusoma jibu?

Tiki. Na mkia juu.

Baada ya hapo nikafanya kazi nyingine ndogo ndogo, huku nikijisikia mtu. Nilipanga tyubu. Niliosha benchi. Nilifikiria jinsi nitakavyomwambia binti yangu asubuhi, yule anayeniuliza kila jioni kama nimemaliza kazi ya nyumbani, kwamba baba yako usiku huu ameokoa mtu kwa simu.

Yule mhudumu akatokea tena na kikapu cha sampuli za watoto. Alikuwa anahema.

"Mjomba, ninyi watu wa juu mnatuua kwa ngazi. Nimepanda kwa watoto, nimekwenda famasi kufuata ile dawa ya kitanda cha tisa, nimesubiri kabati lifunguliwe, nimesainishwa kama nanunua kiwanja, nimeshusha, sasa napanda tena."

"Dawa gani ya kitanda cha tisa?"

"Si potasiamu? Si mmesema wenyewe imeshuka? Daktari kasema aongezewe. Sista anaichanganya kwenye dripu."

Sijui kama umewahi kukanyaga ngazi ambayo haipo. Mguu unakwenda, chini hakuna kitu, na roho inatangulia.

Nikajisikia nikisema, "Imeshuka ngazi."

"Nini?"

"Imeshuka ngazi! Jibu limeshuka ngazi!"

Yule mama aliniangalia kama amekutana na mlevi. Nikachukua simu. Ikaita. Ikaita. Nikaiona akilini wodi ile: printa, simu, na sista yuko kitandani ana sindano mkononi. Nikaitupa simu kwenye meza ikiwa bado inaita, nikamwambia yule mama, "Mwambie Mwalimu ni juu, si chini, saba nukta mbili," nikatoka.

Mimi si mtu wa kukimbia. Mara ya mwisho nilikimbia nikifuata gurudumu la mteja. Zile ngazi nilizishuka mkono mmoja ukutani na mwingine umeshika kitambi kisinitangulie, koti la mama watoto likipepea nyuma. Kwenye ukumbi mlinzi alisimama akasema, "Mzee, kuna moto?" Nikampita. Wodi ya wanawake iko mwisho kabisa wa ukumbi. Kwa nini vitu vya haraka huwa vinawekwa mwisho kabisa?

Kitanda cha tisa kilikuwa karibu na dirisha. Mwanamke mwembamba, futi ya kupimia nguo bado imekunjwa mezani kando ya miwani yake, dada yake ameketi kwenye stuli amemshika mguu. Dripu ilikuwa inaning'inia, chupa imebandikwa karatasi kwa mwandiko mzuri, na kwenye kile kibomba cha chini matone yalikuwa yanadondoka. Tone. Tone. Polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayefanya kazi yake vizuri. Na alikuwa anaifanya vizuri. Aliyefanya vibaya nilikuwa mimi.

"Funga!" nilisema. "Funga, sista, funga!"

Sista alikuwa mwanamke wa makamo kama mimi, miwani kwenye ncha ya pua. Hakuuliza mimi ni nani. Mkono wake ulikwenda kwenye kile kigurudumu cha dripu, ukakisukuma, matone yakasimama. Akautoa ule mpira kabisa kwenye kanula ya mkononi. Ndipo akageuka.

"Wewe nani?"

"Maabara. Potasiamu ni saba nukta mbili. Iko juu. Juu sana. Figo zimegoma."

"Uliniambia imeshuka!"

"Jibu limeshuka. Kutoka juu. Kwa… kwa ngazi."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile, hata na mama watoto siku nilipouza cherehani yake. Akageuka kwenye meza yake, akagonga printa kwa kiganja. Ilikuwa imekwama karatasi tangu jioni, jibu langu lilikuwa limekaa humo ndani limejikunja. Alivuta kile kipande kilichoraruka, akasoma.

"Limeshuka," alisema kwa sauti ya chini. "Mungu wangu. Ngazi."

Dada wa mgonjwa akauliza kama kuna tatizo. Sista akamwambia, "Tunarekebisha dawa, mama. Mshike hivyo hivyo." Na huku anasema tayari alikuwa anavuta mashine ya kupima umeme wa moyo, inalia magurudumu.

Daktari aliitwa kwa simu, akafika akiwa na damu ya wodi ya wazazi kwenye gauni. Kijana, macho mekundu. Sista alimweleza kwa sentensi mbili na hakunitaja kwa ubaya, jambo ambalo lilinichoma zaidi. Karatasi ikatoka kwenye ile mashine na hata mimi, ambaye moyo si fani yangu, niliona. Ile milima midogo inayofuata kila pigo, ambayo huwa ya mviringo kama kichuguu, ilikuwa imesimama mirefu yenye ncha, kama mahema yamepangwa.

"Imeingia kiasi gani?" daktari aliuliza, akiangalia chupa.

"Kidogo," sista alisema. "Nilikuwa ndiyo kwanza nimeifungua. Niliiacha polepole."

"Umemsaidia."

Kisha wakafanya kazi, nami nikasimama ukutani nisiwaguse. Kalsiamu kwanza, kwenye mshipa, taratibu sana, daktari akisukuma sindano huku macho yake yakiwa kwenye ile milima. Hiyo haipunguzi potasiamu hata chembe, inaukinga tu moyo usiyumbe wakati mengine yanasubiriwa. Halafu insulini pamoja na glukosi: insulini inafungua mlango wa chembe, potasiamu inasukumwa kurudi ndani, na glukosi inazuia sukari ya mgonjwa isianguke. Halafu barakoa yenye mvuke, ile ya watu wa pumu, nayo inasaidia kusukuma. Asubuhi atapelekwa kuoshwa damu kwa mashine, daktari alisema, kama… Hakumaliza.

Yule mshonaji alifungua macho akaniona pale ukutani. "Huyu naye nani?" aliuliza ndani ya barakoa.

"Mtu wa maabara," sista alisema.

"Koti lake limeshonwa vizuri," akasema, akafumba macho.

Niliinamisha kichwa nikaangalia mshono wa mama watoto kwenye mkono wa koti.

Baada ya muda daktari akataka damu nyingine. "Mkono usio na dripu," nikasema kabla sijajizuia, na sista akanijibu bila kugeuka, "Mkono usio na dripu, Mjomba, hata mimi nilisoma." Ndipo nikajua jina langu limenitangulia hata huku. Alivuta damu kwa upole, hakukaza mkanda muda mrefu, hakumwambia akunje ngumi, kwa sababu hata kukunja ngumi kunaipandisha. Akaitia kwenye tyubu ya kifuniko cha kijani, ile isiyohitaji kungoja damu igande. Akanipa mimi.

"Peleka mwenyewe."

Kushuka nilikimbia. Kupanda sikuruhusiwa kukimbia. Ukiitikisa ile tyubu chembe zinapasuka, potasiamu inapanda ya uongo, na hapo hakuna atakayejua kama dawa imefanya kazi au moyo unaelekea kusimama. Basi nilipanda zile ngazi nikiwa nimeishika wima kifuani kwa mikono miwili, kama bwana harusi aliyebeba yai, mlinzi akinitazama tena. Kila ngazi miguu ilitaka kuruka na mimi naikatalia. Moyo wangu ulikuwa unapiga ovyo. Nikawaza, hapa mwenye potasiamu mbaya ni mmoja tu au ni wawili?

Mwalimu alikuwa mlangoni. Chupa za damu zilikuwa zimeshatoka. Lile daftari lilikuwa wazi mkononi mwake, kwenye ukurasa wangu. Alichukua tyubu, akaitia kwenye mashine ya kuzungusha, akaisawazisha, akafunga kifuniko. Mashine ikaanza kuunguruma.

"Walikusomea?" aliuliza.

Angeuliza kwa ukali ningeweza kujitetea. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Hapana."

"Uliandika walikusomea."

"Niliandika."

Mashine ilizunguka. Tulisimama tukiisikiliza.

"Asubuhi nitaandika taarifa," alisema. "Yako na yangu. Nilikuacha peke yako na simu, hata mimi nina langu. Na hilo neno letu litakufa leo. Nilicheka jioni uliponielewa vibaya. Nilipaswa kuogopa."

"Mwalimu, nifukuzwe au nisifukuzwe, ninachotaka ni…"

"Najua unachotaka. Unataka namba."

Ndicho nilichotaka. Sikutaka cheti, sikutaka diploma, ile miaka mitatu ya kukaa na watoto wa watu nikitaniwa ningeirudisha yote. Nilitaka namba iliyo chini ya saba.

Plazima, maji ya damu isiyoganda, ilitoka safi, ya manjano. Mwalimu aliinua kwenye taa, akanipa nami niinue. Hakuna wekundu. Akaiingiza. Tulisimama tena bega kwa kiwiko. Nilijikuta nasoma maandishi ya pembeni ya mashine, ambayo hayana maana yoyote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, halafu kuanzia mwisho.

Sita nukta moja.

Bado mbaya. Bado nyekundu, bado ya kupigiwa simu. Lakini inakwenda upande unaotakiwa. Mwalimu alishusha pumzi ambayo nadhani aliishika tangu nilipotoka mlangoni. Akairudia kwenye mashine, ikatoka ile ile, akaithibitisha. Kisha akaniwekea simu mbele.

"Piga."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Na mimi nasikiliza."

Nilipiga. Ilipokelewa upesi, sauti ya sista ile ile.

"Wodi."

"Sista, maabara. Kitanda cha tisa, mshonaji." Nikasema jina lake kamili kama lilivyo kwenye tyubu, nikasema namba ya jalada moja moja. "Potasiamu. Sita. Nukta. Moja. Milimoli kwa lita. Mara ya kwanza ilikuwa saba nukta mbili."

"Kwa hiyo imeshuka?"

Kweli ilikuwa imeshuka. Imeshuka kwa maana zote, damuni na ngazini. Mwalimu alikuwa ananiangalia.

"Sista, neno hilo mimi silitamki tena. Andika namba, sita nukta moja. Umeandika?"

"Naandika."

"Nisomee ulichoandika."

Nikasikia simu ikilazwa mezani, si kukatwa, kulazwa, na viatu vyake vikiondoka haraka sakafuni. Nikasikia ile mashine ya moyo inalia, pii, pii, sikujua kama ndiyo mwendo wake au umebadilika. Kwa mbali sauti ya mwanamke, kavu, ilisema kitu kama anaomba maji, au labda alikuwa dada yake anamwita. Stuli ikaburuzwa. Daktari akasema neno moja ambalo sikulishika.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, juu ya kile kisanduku. Kisanduku kilikuwa cheupe. Sikukigusa.

"Sista," nilisema kwenye simu. "Sista, nisubirie huko huko, sikati. Ukirudi nisomee tu. Nisomee, tafadhali."